Siku za kukusanya madeni zinapoongezeka

"Siku za kukusanya madeni zimetoka 30 hadi 45. Je, wateja wangu wameanza kushindwa kulipa?"

Si lazima. Katika robo ya siku 90, madeni ya 300 kwa mauzo ya mkopo ya 900 ni siku 30, na ya 500 kwa mauzo ya 1,000 ni siku 45. Mauzo yamekua kidogo huku madeni yakipanda mno, nami hushuku kwanza masharti yaliyolegezwa ili kuuza zaidi. Mwenzetu mmoja amejibu hapa kwamba siku zimepanda kwa sababu tu mauzo mengi yalifanyika mwisho wa robo; hiyo ni nusu ya kweli, kwa hiyo zipange ankara kwa umri: zikiwa nyingi hazijafikia tarehe ya kulipwa, huenda yuko sahihi, lakini zikiwa zimepita siku 60, wateja hao wanachelewa kweli na wasipewe mkopo mpya.