Kuchuja kurasa 40 za reli kwa swali moja la insha

"Mhadhiri ametupa sura ya kurasa 40 kuhusu Reli ya Uganda. Swali: reli ilichangia kwa kiasi gani kukua kwa Kisumu kabla ya 1914? Nachukua nini, naacha nini?"

Ndugu, kabla ya kufungua sura, andika sentensi hii juu ya karatasi: "Hili linaonyesha reli ilikuza, au haikukuza, Kisumu kwa sababu…" Kila hoja unayokutana nayo ijaribu kuimalizia. Ikishindwa, ipite.

Simba wa Tsavo waliowala wafanyakazi wa reli 1898 hawaimalizii, hata kama wanasisimua. Reli kufika Ziwa Victoria, hapo Kisumu, 1901 inaimalizia, lakini tarehe peke yake si hoja. Soma mbele kidogo uone mwandishi anaijengea nini: mizigo ya Uganda, pamba ikiwemo, ilivuka ziwa kwa meli na kupakiwa kwenye mabehewa hapo Kisumu. Hiyo ndiyo unaandika, kwa maneno yako, pamoja na ukurasa.

Wengi hukwama kwenye upinzani wa Wanandi dhidi ya Waingereza chini ya kiongozi wao Koitalel arap Samoei. Usinakili historia yake yote. Chukua tu pale mwandishi anapouhusisha na safari au biashara ya Kisumu. Asipouhusisha, acha.

"Kwa kiasi gani" inadai pia upande wa pili, kwa hiyo tafuta makusudi sababu zisizo reli: ziwa lenyewe na ofisi za utawala. Daftari likijaa hoja za reli tu, umechuja nusu ya swali.