Kipi kikubwa, 3^50 au 2^80?

"Wakuu, nitajuaje kipi kikubwa kati ya 3^50 na 2^80 bila kuzidisha mpaka mwisho?"

Mkuu, chukua logi za kizio cha 10, kipeo kinashuka na kuwa cha kuzidisha tu. Logi ya 3 ni 0.4771, mara 50 unapata 23.855. Logi ya 2 ni 0.3010, mara 80 ni 24.08. Kwa hiyo 2^80 ni kubwa: ina tarakimu 25, na 3^50 ina 24.

Angalia sana desimali. Ukikadiria 0.5 na 0.3 utapata 25 dhidi ya 24, jibu linageuka kabisa! Kosa dogo nalo limezidishwa mara 50. Hakiki hivi: 3^5 ni 243, 2^8 ni 256, zote zipandishe kwa kipeo cha 10.