Maswali ya viwanja: "mara tatu" sio hesabu ya faida

Nilinunua kiwanja Gungu, Kigoma, 2015 kwa milioni 4, mwaka 2024 nimeuza milioni 12. Mimi napiga faida ya asilimia 200, nagawa kwa miaka 9 napata 22 kwa mwaka. Mke wangu anasema sijapata kitu. Nani yuko sahihi? (Baba Asha, Mwanga)

Shemeji yuko karibu zaidi na ukweli kuliko wewe, pole sana.

Hili la kuchukua faida yote na kuigawa kwa idadi ya miaka nimeshalisema mpaka nimechoka lakini bado mnaniletea. Hela ikikua, mwaka wa pili inakua juu ya kile kilichoongezeka mwaka wa kwanza. Kama kweli ungekuwa unapata 22 kila mwaka, milioni 4 yako baada ya miaka 9 ingekuwa inakaribia milioni 24, sasa hiyo 24 iko wapi? Umeuza 12. Hela iliyozaa mara tatu kwa miaka 9 imekua kwa asilimia 13 hivi kwa mwaka, na hapo hatujagusa gharama hata moja.

Nashukuru gharama zako umeniandikia, wengi hawaandiki. Wakati wa kununua ulimpa dalali 200,000, wakili 150,000, ushuru wa stempu asilimia 1 ambayo ni 40,000, alafu upimaji na hati vikala 510,000. Jumla laki 9. Kwa hiyo kiwanja chako hakikuwa cha milioni 4, kilikuwa cha milioni 4 na laki 9, na hiyo ndo namba ya kuanzia.

Twende kwenye kuuza. Dalali kachukua asilimia 5, laki 6. Wakili laki 3. Halafu inakuja kodi ya ongezeko la mtaji, mkazi mwenye kumbukumbu za gharama zake anatozwa asilimia 10 ya faida: milioni 12 toa milioni 4 na laki 9 za mwanzo, toa laki 9 za kuuzia, inabaki milioni 6 na laki 2, kodi yake 620,000. Na usisahau ile 60,000 ya kila mwaka ya pango la ardhi na kijana wa kufyeka, miaka 9 ni 540,000. Ukishatoa vyote, mkononi umebaki na 9,940,000.

Kwenye Excel ya simu andika hivi:

```
=(9940000/4900000)^(1/9)-1
```

Itakuletea 0.082 hivi, yaani asilimia 8.2 kwa mwaka. Ulianza na 22 kichwani, ukaja 13, ukamaliza na 8. Na bei za vitu nchini miaka hiyo zilikuwa zinapanda kama asilimia 4 kwa mwaka kwa wastani, toa hiyo nayo, uone faida yenyewe inabaki ngapi.

Mi nikupe mfano mwingine, wa kuikopesha serikali. Wakati unanunua kiwanja, hatifungani ya serikali ya miaka 20 ilikuwa na riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka, inalipwa kila miezi sita. Milioni 4 na laki 9 yako ingekuletea karibu 759,000 kwa mwaka, kwa miaka 9 ni zaidi ya milioni 6 na laki 8 hata kama ulikuwa unaila yote, na mtaji bado uko pale pale kwenye karatasi. Sisemi viwanja ni vibaya, mimi mwenyewe ninavyo. Nasema acheni kuhesabu kwa kidole.

Je, kama ningesubiri miaka mingine mitatu nipate bei nzuri? (huyo huyo)

Ukipata bei ile ile ya milioni 12 mwaka wa 12, ile 60,000 ya kila mwaka ikiendelea na gharama nyingine zikiwa zile zile, faida inashuka mpaka kama 5.9 kwa mwaka. Kila mwaka unaokaa bila mteja unakula. Ndo maana nashangaa mtu anakataa milioni 11 leo kwa sababu anataka 12, anakaa miaka miwili kuitafuta hiyo 12, akiipata anajiona mjanja. Kiwanja cha Tabora au Kigoma sio cha Kariakoo, unaweza kubandika tangazo na wateja wakaja kutazama tu, wanapiga picha, wanaondoka.

Nimenunua kwa awamu, nililipa 2018, 2019 na 2020, na hati nililipia 2022. Nianzie mwaka gani kuhesabu? (Isevya, Tabora)

Swali zuri, hatimaye. Usianzie mwaka mmoja. Kuanzia mstari wa 2, andika tarehe ya kila malipo kwenye safu ya A na kiasi chake kwenye B, uliyotoa yawe na alama ya kutoa, na mauzo ya mwisho yakiwa yametolewa gharama na kodi yawe chanya, alafu:

```
=XIRR(B2:B6,A2:A6)
```

Hapo kila shilingi inahesabiwa tangu siku ilipotoka mfukoni. Ukilinganisha na ndugu yako aliyelipa yote mara moja 2018, wewe asilimia yako itakuwa juu zaidi kwa bei ile ile ya mauzo, kwa sababu hela yako ilikaa nje muda mfupi. Ila mwenye kuuza kwa awamu mara nyingi amepandisha bei kufidia hilo, kwa hiyo linganisha na bei ya kulipa taslimu kabla hujafurahi.

Nimeuza shamba Mwandiga milioni 8, nalipa kodi ya ongezeko la mtaji? (Mama wa Kibirizi)

Shikamoo mama. Kama thamani yake haifiki milioni 10 na umelilima angalau miaka miwili kati ya mitatu ya mwisho, halihesabiki kwenye kodi hiyo. Kama lilikaa pori tu, hilo ni jambo lingine. Beba ushahidi wa kulima, maneno matupu hayatoshi.

SGR inakuja, bei za viwanja Tabora si zitapanda mara tatu? (wengi)

Mnaniuliza kama mimi ndo ninayejenga reli. Bei nyingi pale zilishapanda mkandarasi alipoanza kupiga kambi, kwa hiyo ukinunua leo unanunua na SGR imeshahesabiwa humo ndani. Pigeni ile fomula kwa bei ya leo.

Risiti za dalali na wakili sina, ni tatizo? (Ujiji)

Ndiyo. Gharama usiyoweza kuionyesha inaweza kukataliwa, basi kodi ya asilimia 10 unailipa hata juu ya hela ambayo hukuipata. Kwenye mfano wa Baba Asha, laki 9 za kuuzia zikikataliwa kodi inapanda kwa 90,000. Dalali asiyetoa karatasi mwandikie wewe mwenyewe, asaini na aweke namba ya simu.

Mwenyekiti wa mtaa anataka asilimia 10 ya bei ndo agonge muhuri, niiweke kwenye hesabu? (Kanyenye)

Kabla hujaiweka kwenye hesabu muombe kontroli namba ya hayo malipo.