Beringi za mota zinakufa mapema tangu tufunge inveta, na sensa inarukaruka

"Wakuu, ninasimamia chumba cha pampu kwenye jengo la ghorofa tisa. Tangu tufunge inveta ya kurekebisha kasi ya pampu, beringi za mota za kilowati 30 hazimalizi miezi saba, na transmita ya presha inarukaruka pampu zikiwaka. Fundi mmoja anasema ni grisi, mwingine anasema inveta ni mbovu. Nianzie wapi?"

Mkuu, usinunue inveta nyingine kwanza. Chukua beringi ya mwisho uliyoitoa, kama hujaitupa, ukate ringi yake ya nje vipande viwili kwa grainda na uitazame njia ya gololi kwenye mwanga. Ukiona mistari midogo ya kukingama, imepangana kwa nafasi sawa kama bati la mgongo, hiyo ni kazi ya umeme. Beringi iliyokufa kwa kukosa grisi haiachi mistari ya namna hiyo. Huacha michubuko, na chuma hugeuka rangi ya bluu au kahawia kwa joto. Tazama na grisi yenyewe: ikiwa nyeusi kama masizi wakati muda wake wa kubadilishwa bado, cheche zimekuwa zikiipiga.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye hoteli moja hapa Dar, chumba cha chini kabisa, pampu tatu za maji ya chila za kilowati 22. Chumba chenyewe ukigeuka unagonga bomba. Malalamiko yalikuwa mawili kama yako, na waliyatibu kama magonjwa mawili: kwa beringi aliitwa fundi mitambo, kwa sensa aliitwa fundi wa kontrola. Transmita ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili. Chanzo kilikuwa kimoja.

Umeme wa gridi una fezi tatu ambazo ukizijumlisha wakati wowote unapata sifuri. Inveta haiwezi kufanya hivyo. Kila tokeo lake lina mahali pawili tu pa kusimama, juu kwenye chanya au chini kwenye hasi ya umeme wa moja kwa moja ulio ndani yake, ambao kwa gridi ya volti 400 ni kama volti 565. Fezi tatu zikigawanyika pande mbili, jumla haiwi sifuri kamwe. Kwa hiyo vilima vya mota vyote kwa pamoja vinaruka juu na chini kila swichi inapofunga, kwa hatua za volti kama 188, maelfu ya mara kwa sekunde.

Kati ya vilima na mwili wa mota kuna insulesheni, na insulesheni yoyote iliyo kati ya vyuma viwili ni kapasita. Tuseme ni nanofaradi 10 ukijumlisha na kebo, na hatua moja inachukua mikrosekunde 0.2. Hesabu yake ni hii:

```
i = C × dV/dt = 10 nF × 188 V / 0.2 µs ≈ 9.4 A
```

Ampia 9 hizo ni za kufumba na kufumbua, klampu ya kawaida haizioni kabisa. Lakini zipo, na lazima zirudi zilikotoka, yaani ndani ya inveta. Zikipewa njia fupi na pana zitapita hapo. Zisipopewa, zitajitafutia: mwili wa mota, shafti, kapling, pampu, bomba, nondo za jengo, hata waya wa sensa yako.

Hapo ndipo wengi tunapodanganywa na mita. Pale hotelini kulikuwa na waya mzuri wa ethi wa milimita mraba 16, umepita ukutani peke yake kama mita 30 hadi kwenye mota. Ukipima kwa mita, haufiki omu 0.1. Fundi aliyeufunga alikuwa na haki ya kujivunia, maana kwa usalama wa mtu uko sawa. Ila waya ulionyooka una kama mikrohenri 1 kwa kila mita. Mita 30 ni mikrohenri 30, na kwenye megahetzi 1 hiyo ni omu 190 hivi. Kwa mapigo haya ya haraka, waya ule ni kama haupo.

Njia sahihi ya kurudi ni wavu wa shaba unaozunguka nyaya za fezi ndani ya kebo, ule mafundi tunauita shildi. Kwa kuwa umezifunika fezi pande zote, mkondo unaokwenda na unaorudi vinakumbatiana na hakuna kinachovuja nje kwa kiasi kikubwa. Sharti ni kwamba ushikwe mwanzo na mwisho, na ushikwe mduara mzima.

Cha ajabu, kebo za shildi pale zilikuwepo. Mkandarasi alizinunua, na bei yake si ndogo. Kwenye inveta, shildi ilikuwa imesokotwa kama mkia wa nguruwe, sentimita 15 hivi, ikafungwa kwenye skrubu ya ethi. Mkia huo pekee ni kama nanohenri 150, na ampia 9 zikipanda ndani ya mikrosekunde 0.1 unaacha volti 13 juu yake. Hilo bado ni dogo. Kubwa nililikuta kwenye swichi ya kuzimia iliyo ukutani karibu na kila pampu. Boksi la plastiki. Kebo inaingia, shildi imekatwa na kuzungushiwa tepu nyeusi, kebo nyingine inatoka kwenda kwenye mota, na shildi yake nayo imekatwa. Yaani wavu wote wa mita 30 ulikuwa haujaunganishwa na mota popote. Nilikaa chini nikacheka, ingawa mwenye hoteli hakuona cha kuchekesha.

Kabla ya kugusa kitu nilipima. Nilikuwa na klampu ya masafa ya juu, ya kuunganisha kwenye osiloskopu. Ukiizungusha kwenye kebo nzima, fezi pamoja na shildi na ethi yake, unapaswa kuona karibu na sifuri, kwa sababu kilichokwenda kimerudi humo humo. Chochote unachokiona ni kile kinachorudi kwa njia za panya. Niliona vilele vya ampia 6. Kisha nikapima volti ya shafti: kipande cha brashi laini ya kaboni kikigusa shafti inayozunguka, upande wa pili kwenye mwili wa mota karibu na beringi, na osiloskopu ya betri. Volti ilikuwa inapanda hadi 20 na zaidi, kisha inaanguka ghafla kama kitu kilichokatwa kwa kisu. Kule kuanguka ndiko cheche yenyewe. Filamu ya grisi imeshindwa, na gololi imepigwa. (Shati lenye mikono mipana usilivae siku hiyo.)

Tulichofanya si kingi. Maboksi ya plastiki yalitoka, yakaja ya chuma, na kebo zote zikaingia kwa glendi zile zenye chemchemi ndani inayoishika shildi mduara mzima. Kwenye paneli tulikwangua rangi ya bamba la glendi hadi chuma kionekane. Usipokwangua, umefunga glendi ya bei ghali juu ya rangi. Mwili wa mota na mwili wa pampu tukaviunganisha kwa utepe bapa mfupi wa shaba, ili visipishane volti kupitia shafti na kapling. Ule waya wa ethi wa ukutani tuliuacha palepale, kazi yake ni nyingine.

Waya wa transmita, ule wa miliampia 4 hadi 20, ulikuwa umelazwa ndani ya trankingi moja na kebo za mota. Vitabu vya inveta husema vitenganishwe kama milimita 500 vikienda sambamba, na mahali pa kuvukana vikatane kwa pembe ya mraba. Katika chumba kile milimita 500 ni ndoto. Tulipata 200, na sensa tukaipitisha ndani ya bomba la chuma lililofungwa ethi pande zote mbili. Shildi ya waya wa sensa wenyewe tuliifunga upande wa paneli tu.

Ukifanya kazi hii, zima, subiri dakika zilizoandikwa kwenye inveta, halafu upime kati ya vituo vya `DC+` na `DC-` kabla ya kuingiza mkono. Na ukipima insulesheni ya kebo mpya kwa mega, ing'oe kwanza kwenye inveta, la sivyo utanunua inveta kweli.

Tulipowasha, klampu kwenye kebo nzima ilionyesha chini ya ampia 1, na presha kwenye skrini ya kontrola ikatulia siku hiyo hiyo. Ile volti ya shafti ilipungua, lakini haikuisha. Bado ilikuwa inafika 12 na kuanguka. Hapa shildi imefika mwisho wa uwezo wake. Rota iko ndani ya vilima vinavyoruka, nayo inachajiwa kupitia upenyo wa hewa hata kama kebo ni ya dhahabu. Sehemu ile inataka dawa yake, pete ya nyuzi za kaboni inayogusa shafti na kuimwagia chaji kwenye mwili wa mota. Tuliweka pete upande wa kapling, na beringi mpya pamoja nayo, maana iliyokwisha chimbika mistari haiponi.

Jambo moja la aibu: mtu aliwahi kupandisha masafa ya swichi hadi kilohetzi 12 kwa sababu mgeni alilalamikia mluzi wa mota. Mluzi uliondoka kweli, ila idadi ya miruko ikawa mara tatu ya ile ya kilohetzi 4 ya mwanzo. Tuliirudisha 4. Mgeni alihamishwa chumba.

Usianze na beringi zenye insulesheni, ingawa ndizo utakazoshauriwa dukani. Kwenye mota kubwa, kuanzia kilowati 100 hivi, zina nafasi yake upande wa feni, kwa sababu huko kuna mkondo unaozunguka kutoka beringi moja hadi nyingine kupitia shafti. Kwa kilowati 30 yako, ukizuia beringi za mota bila kumwaga chaji ya shafti, chaji itapita kapling na kwenda kula beringi za pampu.

Kwa hiyo kesho, kabla ya kutumia shilingi yoyote, fungua boksi la swichi lililo karibu na pampu na kile kisanduku cha vituo juu ya mota. Angalia shildi imeishia wapi. Tupia picha hapa, na useme masafa ya swichi yaliyowekwa kwenye inveta ni mangapi.