Salamu Moja, Asubuhi Saba: Nilivyoiandika Upya Hadithi ya Mtoto na Bibi Mwuza Vifungo

Katika hadithi fupi zote nilizowahi kuandika, hakuna iliyonihangaisha kama ile ya mtoto wa shule anayemwamkia kila asubuhi bibi kizee auzaye vifungo, sindano na nyuzi kando ya njia, hadi akafika mahali hawezi tena kupita bila kusikia kipande cha ngano yake. Niliiandika mara tatu, na mara mbili za kwanza ilinishinda. Naeleza hapa ilivyonishinda, kwa kuwa anayejaribu kisa cha namna hii ana uwezekano mkubwa wa kujikwaa palepale.

Kosa la kwanza lilikuwa katika salamu yenyewe. Nilidhani kwamba, maadamu mtoto anaamkia kila siku, msomaji naye sharti asikie "Shikamoo, bibi" na "Marahaba, mjukuu wangu" kila siku. Kufikia asubuhi ya nne hata mimi mwandishi nilikuwa naruka mistari. Katika andiko la tatu niliiweka salamu hiyo kamili mara moja tu, na baada ya hapo nikaandika kile tu kilichobadilika ndani yake. Asubuhi ya kwanza bibi anaitikia bila kuinua macho, kwa sababu anahesabu vifungo kutoka kiganjani kuingia kwenye kopo, na akiinua macho hesabu itampotea. Siku kadhaa baadaye anaitikia na kuongeza, "Shati lako halina kifungo cha juu." Mtoto anajifunika shingo kwa mkono na kuendelea na safari, lakini amepunguza mwendo. Asubuhi ya sita anafika mbio, na neno la kwanza kumtoka ni swali kuhusu fundi wa kwenye ngano ya bibi, "Kwa nini alikataa?"

Ameisahau shikamoo. Mtoto ambaye tangu mwanzo tumemjua kwa adabu yake leo ameanza na swali, na bibi ananyamaza, anamtazama, anangoja aamkiwe kwanza. Andiko la pili lilikuwa na sentensi tano za kueleza jinsi ngano zilivyomteka mtoto. Zote nilizifuta, maana salamu iliyokosekana ilikuwa imekwisha kusema.

Jambo la pili ni njeo, na hapa Kiswahili kinampa mwandishi zana nzuri kuliko nilivyokuwa nimetambua. Mwanzoni niliandika "mtoto hupita, bibi huitikia", lakini kiambishi hu- hakifungwi na wakati, na kilimwachia msomaji hisia kwamba jambo hilo linaendelea hata leo, ilhali kisa changu kilikuwa kimepita. Nikahamia "alikuwa akipita, alikuwa akiitikia". Hilo lilikaa vizuri kwa sentensi mbili, kisha likaanza kuwa zito mdomoni. Mwishowe nikaacha sentensi mbili hizo pekee zibebe mazoea yote, halafu nikaandika "Asubuhi moja mtoto alisimama", na kuanzia hapo kila siku ikawa tukio lake yenyewe.

Faida kubwa zaidi ilitokana na -ka-. Kwa kawaida kiambishi hiki huegemea kitendo kilichotangulia: tunasema fundi alishona, akafika, akaweka. Nilimfanya bibi aanze ngano yake kwa -li-, siku moja tu: "Fundi mmoja alishona koti la msafiri, akafika kwenye kifungo cha mwisho, akaweka sindano chini, akakataa." Kisha mnunuzi anatokea, anataka nyuzi nyeusi, na mtoto anaondoka. Kesho yake, mara tu salamu inapoisha, bibi anasema, "Akamwambia msafiri arudi kesho." Hakumtaja fundi wala hakueleza kesho ipi. Anaunganisha kitendo cha leo na kile cha jana kana kwamba hapakuwa na usiku katikati, na mtoto anaelewa papo hapo, kwa kuwa naye amelala na sentensi ile. Kwangu kiambishi hicho kimoja kilifanya kazi ya aya nzima.

Kwa sababu hiyohiyo niliondoa "Paukwa!" na "Pakawa!" nilizokuwa nimeziweka. Ninazipenda, ila zinamtangazia msikilizaji kwamba ngano inaanza, na anayetangaziwa huwa amekwisha kukubali kuketi. Mtoto wangu hakukubali kuketi, maana alikuwa na kengele ya shule ya kuiwahi. Bibi naye hakuwa mtambaji wa hadithi, alikuwa mtu wa biashara, na maneno yalimponyoka huku akihesabu.

Kengele hiyo ilinisaidia pia kupima urefu. Katika andiko la kwanza ngano ilimeza zaidi ya nusu ya hadithi, na mtoto akabaki kama kiti cha kuwekea maneno ya bibi. Nilisoma sehemu moja kwa sauti huku nikitazama saa: dakika nne! Mtoto anayekwenda shule kwa haraka hana dakika nne. Nikapunguza kila kipande hadi kiweze kusemwa kabla mnunuzi mmoja hajamaliza kuchagua vifungo vyake, yaani sentensi moja siku ya kwanza, mbili au tatu siku za baadaye, na asubuhi moja hakuna kabisa kwa sababu wanunuzi walikuwa wengi. Asubuhi hiyo tupu ndiyo iliyomkimbiza mtoto kesho yake hadi akaisahau shikamoo. Ukiandika kisa cha aina hii, jaribu kutafuta siku ya kumnyima mtoto ngano, na uiweke mapema kuliko unavyoona inafaa.

Mwisho ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Nilimuua bibi. Mtoto anafika, anakuta pahala patupu na kopo limepinduka, analia. Rafiki niliyempa andiko hilo alisoma hadi hapo, akaniuliza, "Sasa fundi alikataa kwa nini?" Nilikuwa sijui. Nilikuwa nimetumia kifo kukwepa swali ambalo mimi mwenyewe nilimtia mtoto kichwani, na msomaji hulitambua hilo hata asipoweza kulieleza.

Basi nikarudi nyuma kutafuta jibu, na lilikuwa ndani ya vitu nilivyokwisha kuviweka. Msafiri alikuwa mwana wa fundi. Koti likikamilika, ataondoka. Nilipolipata hilo, shati la mtoto lililokosa kifungo, ambalo mwanzoni lilikuwa kisingizio tu cha bibi kuanza mazungumzo, likapata kazi. Niliongeza mstari mmoja katika asubuhi ya tano: nyumbani mama anachukua sindano amshonee kifungo, na mtoto anasema, "Bado, mama." Hatoi sababu, nami sikumsaidia kuitoa.

Bibi anaimaliza ngano asubuhi ya sita, baada ya kuamkiwa, kwa sauti ileile anayotumia kuwaambia wanunuzi kwamba nyuzi zimekwisha. Asubuhi ya saba niliiandika kwa sentensi chache kuliko zote. Mtoto anapita, shati bado wazi shingoni, anasema, "Shikamoo, bibi." Bibi ana vifungo kiganjani. Anaitikia, anainua macho, na hesabu inampotea.