Jina la chombo na la mkalimani

"Naandika hadithi ya chombo cha anga za mbali. Nataka jina lake na majina ya watu wake yabebe historia. Nianzie wapi?"

Anzia kwenye safari moja ya kweli. Mfano ni ile ya nahodha Magellan: merikebu tano ziliondoka Hispania mwaka 1519, na ni Victoria pekee iliyomaliza kuizunguka dunia, ikarudi 1522 na watu 18. Ukikiita chombo chako Victoria utapatia nusu tu, maana msomaji anayejua habari hiyo atahisi mapema kwamba kitarudi. Mimi ningekiita San Antonio, ile iliyowatoroka wenzake kwenye mlango-bahari wa kusini mwa Amerika na kurejea Hispania. Hapo msomaji anaanza kuwaangalia mabaharia kwa jicho la shaka kabla hawajafanya lolote.

Kwa watu, usigawe majina yote ya safari ile, wasomaji watakisia mwisho. Mpe mmoja tu. Mkalimani wako mwite Enrique. Enrique wa kweli alikuwa mtumwa wa Magellan, na wosia ulisema bwana akifa aachiwe huru. Magellan akauawa kisiwani Mactan, Ufilipino, mwaka 1521, na waliobaki wakakataa kumwachia. Basi mkalimani wako anapoambiwa, "Mkataba wako haujaisha," usieleze chochote, jina limeshasema.

Nahodha mwachie jina la kawaida. Ila kama chombo chako kinapotea moja kwa moja, San Antonio bado linanitatiza, kwa sababu merikebu ile ilifika.