Maswali ya data: nyumbu wa Serengeti, tembo wa Gorongosa

"Wakuu, nadharia ya mtandao wa chakula, ongezeko la idadi na uteuzi asilia naijua vizuri. Ila nikiwekewa jedwali naishia kunakili namba tu. Naomba maswali ya mazoezi na jinsi ya kuyajibu."

Chukua nyumbu wa Serengeti kwanza. Mwaka 1961 walikadiriwa kuwa 260,000 hivi, na mwaka 1977 wakafika karibu 1,400,000. Swali: waliongezeka kwa kasi gani kwa mwaka?

Wengi hutoa 260,000 kwenye 1,400,000, wakagawa kwa 260,000, kisha kwa miaka 16, wakapata asilimia 27. Lijaribu jibu hilo kabla ya kuliandika: zidisha 260,000 kwa 1.27 mara kumi na sita. Utapata nyumbu karibu milioni 12! Kosa ni kusahau kwamba ndama wa mwaka huu nao watazaa baadaye. Njia sahihi ni:

```
r = ln(Nt / N0) / t
r = ln(1400000 / 260000) / 16
r = 1.68 / 16 = 0.105
```

Yaani kila mwaka idadi ilizidishwa kwa e^0.105, takriban 1.11, sawa na ongezeko la asilimia 11. Ukigawa ln 2, yaani 0.693, kwa 0.105 unapata muda wa idadi kuwa maradufu, miaka 6.6. Angalizo: r hii ni wastani wa kipindi chote, kwa hiyo usiitumie kubashiri idadi ya mwaka 2000. Baada ya hapo mchoro ulilala karibu na milioni 1.3, kwa sababu nyasi za kiangazi hazikutosha.

Sehemu ya mtandao wa chakula huwa inauliza kwa nini waliongezeka. Ng'ombe wa maeneo jirani walichanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndama wengi zaidi wakaishi. Usiishie hapo. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi, nyasi kavu za kuwaka zikapungua, moto ukapungua, na miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Mshale unatoka kwa kinacholiwa kwenda kwa mlaji, kwa hiyo chora nyasi → nyumbu → simba. Usichore mshale kutoka kwa nyumbu kwenda kwenye miti: miti haili nyumbu. Athari hiyo inapitia kwenye moto, nayo ieleze kwa maneno.

Sasa tembo wa Gorongosa, Msumbiji. Wakati wa vita vya 1977 hadi 1992 zaidi ya asilimia 90 yao waliuawa, wengi kwa ajili ya pembe. Majike wasio na pembe walikuwa asilimia 18.5 ya majike wote kabla ya vita, wakawa 50.9 baadaye. Mtu huandika haraka, "tembo wasio na pembe waliongezeka." Je, ni kweli?

Tuchukulie kwa hesabu tu kwamba majike walikuwa 1,000, wakabaki 100, na tusihesabu waliozaliwa katikati. Kabla ya vita wasio na pembe ni 185 na wenye pembe 815. Baada ya vita ni 51 na 49. Idadi ya wasio na pembe imeshuka kutoka 185 hadi 51! Kilichopanda ni sehemu yao katika kundi. Linganisha waliosalimika: 51/185 ni asilimia 28, na 49/815 ni asilimia 6. Asiye na pembe alikuwa na nafasi ya kuishi mara 4.6 ya mwenzake. Uwiano huo ndio ushahidi wa uteuzi, na ndio wa kuandika kwenye jibu.

Usiandike kwamba tembo walipoteza pembe "ili wasiuawe". Ile 18.5 inaonyesha sifa hiyo ilikuwepo kabla ya risasi kuanza.

Kuna swali la nyongeza ambalo huwakwamisha hata wazuri: mbona madume wasio na pembe hawaonekani? Watafiti waliochapisha mwaka 2021 walihusisha sifa hii na jeni iliyo kwenye kromosomu X, ambayo ni tawala kwa jike na huua dume kabla hajazaliwa. Chora mraba wa Panneti wa mama asiye na pembe (XᴬXᵃ) na baba mwenye pembe (XᵃY). Utapata binti asiye na pembe, binti mwenye pembe, dume mwenye pembe, na dume XᴬY anayekufa. Wanaozaliwa hai ni majike wawili kwa dume mmoja. Ukiona jedwali la ndama wa mama hao lina majike karibu theluthi mbili, ujue unaulizwa hilo. Na hapo hapo una sababu moja ya sifa hii kutofika asilimia 100 hata ujangili ukiendelea: kila dume anayeishi ana pembe, na kila jike asiye na pembe hupoteza nusu ya watoto wake wa kiume.